Bwawa likijengwa Grand Falls, mama anayelima Ozi anahesabiwa wapi?

*"Nakaa Malindi lakini kwetu ni Ozi, karibu na Kipini. Mama bado analima mpunga huko, na mume wangu huvua kamba ghuba ya Ungwana. Tunasikia habari za bwawa kubwa la High Grand Falls huko juu Mto Tana. Kwenye kikao kimoja tuliambiwa kwamba tathmini ya athari za mazingira itahesabu familia zitakazohamishwa na maji ya bwawa, na sisi wa chini tutafaidika tu kwa sababu mafuriko kama ya 2024 yatakoma. Wazee nao wanasema mto utakauka kabisa. Nani mkweli? Na sisi ambao hatuhamishwi, tuna la kusema kwenye tathmini hiyo?"*

Dada yangu, pande zote mbili wametia chumvi. Mto hautakauka, na mafuriko hayatakoma. Linalobadilika bwawa kubwa likijengwa ni majira ya mto: mwezi gani maji yanajaa, yanajaa kwa kimo gani, na yanakaa siku ngapi kabla ya kupungua. Mtu wa mjini anaweza kuliona hilo dogo. Mama yako, anayepanda kwa kufuata mto, atalielewa mara moja.

Tuanze na ukubwa, maana mengine yote yanatoka hapo. Pale Garissa, Tana hupitisha kwa wastani kama mita za ujazo 150 kila sekunde. Siku moja ina sekunde 86,400, kwa hiyo kwa siku hupita karibu mita za ujazo milioni 13, na kwa mwaka mzima karibu bilioni 4.7. Sasa linganisha na bwawa lenyewe. Mipango iliyotangazwa kwa miaka mingi inazungumzia ujazo wa zaidi ya bilioni 5. Masinga, lililo kubwa kuliko yote matano yaliyoko sasa juu ya Tana, lina kama bilioni 1.56. Kwa maneno mengine, bwawa hili likiwa tupu linaweza kumeza maji yote yanayopita Garissa kwa mwaka mmoja wa kawaida. Ni kama mwenye ghala anayenunua mavuno ya kijiji kizima: chakula hakijapotea, lakini siku ya kula mnapangiwa.

Hili si jambo la kubahatisha, kwa kuwa tayari tumeliona kwa kiasi kidogo. Baada ya Masinga kuanza kufanya kazi mwaka 1981, watafiti walilinganisha rekodi za maji za kabla na baada. Maji ya kiangazi, yale ya Februari na Machi, yaliongezeka, kwa sababu mitambo ya umeme inahitaji maji mwaka mzima. Kilele cha Mei kilishuka. Na katika misitu ya kandokando ya mto, siku ambazo ardhi inalala chini ya maji zilipungua kwa zaidi ya nusu. Kwa hiyo mzee anayesema mto wa ujana wake si huu wa leo haoti. Ila badiliko lilikuja kwa sura ya mto uliosawazishwa, ambao haupungui sana wala haujai sana.

Wazee wanaweza kuwa karibu na ukweli mahali pamoja, nako ni kwenye umwagiliaji. Maji yanayozungusha mitambo ya umeme hurudi mtoni. Maji yanayopelekwa shambani sehemu kubwa hayarudi, yanapotea hewani kupitia mimea na udongo. Bwawa hili halikupangwa kwa umeme peke yake. Limenuiwa pia kumwagilia mashamba makubwa na kulisha miji. Kwa kukadiria tu, hekta moja ya mazao katika joto la Garissa na Tana River inataka kama mita za ujazo 10,000 kwa msimu. Hekta 100,000 kwa msimu mmoja ni bilioni 1, yaani zaidi ya sehemu moja ya tano ya mto wote. Ongeza jua linalonyonya uso wa bwawa: katika sehemu kavu kama ile, karibu mita 2 za kina hupotea hewani kila mwaka, na kila kilomita moja ya mraba ya bwawa inapoteza kama mita za ujazo milioni 2. Kwa hiyo tathmini ikikupa athari za ukuta peke yake, na mashamba yakaachiwa tathmini nyingine ya baadaye, hujaambiwa habari kamili. Mto hauwezi kutofautisha mradi wa kwanza na wa pili. Uliza hesabu ya yote kwa pamoja.

Halafu kuna miaka ya kujaza. Bwawa la ukubwa huu likijazwa kwa kuzuia theluthi moja ya maji ya kila mwaka, litachukua miaka mitatu au zaidi, na mvua zikiwa haba itazidi hapo. Hicho ndicho kipindi kibaya kuliko vyote kwa watu wa Ozi, na mara nyingi kinapewa aya moja katika ripoti.

Sasa mafuriko ya 2024. Bwawa linaweza kuzuia kilele cha mafuriko ikiwa tu lina nafasi tupu wakati mvua inapoanza. Lakini mwenye kuuza umeme anataka bwawa lijae, kwa sababu kimo cha maji ndicho nguvu yake. Matakwa hayo mawili hayapatani. Mwaka 2018 na tena 2024 mabwawa ya juu yalijaa hadi yakamwaga, na watu wa chini wakaambiwa wahame. Bwawa kubwa zaidi lingepunguza ukali wa mwaka kama ule, hilo nalikubali bila kinyongo. Anayesema halisaidii kitu hasemi kweli. Lakini kuna hatari ya upande wa pili: watu wakizoea miaka kumi bila maji makubwa, wanajenga na kulima hadi ukingoni. Ukija mwaka wa mvua za kupita kiasi, bwawa likiwa limejaa tayari, maji yanafunguliwa juu ya vichwa vyao. Hivyo kila unaposikia "tutazuia mafuriko", swali ni hili: mwezi wa Machi, kabla ya masika, na Oktoba, kabla ya vuli, mtaacha mita ngapi za bwawa zikiwa tupu, na nani atawalazimisha?

Na kuna gharika, na kuna mafuriko ya kawaida. Gharika ya 2024 ilibomoa nyumba. Maji ya kawaida ya Mei na Novemba ndiyo yanayoinywesha delta nzima. Yanapanda taratibu, yanaingia kwenye maziwa kama Shakababo na Bilisa, samaki wanaingia nayo kuzaa, kisha yakishuka yanaacha tope jipya na unyevu ambao Mpokomo anapandia. Nyasi zinazoota hapo ndizo zinazowavuta Waorma na ng'ombe wao kutoka bara wakati wa kiangazi. Misitu ya kando ya mto, ambayo ni makao ya nyani wawili wasiopatikana porini mahali pengine popote duniani, mbega mwekundu wa Tana na mangabe wa Tana, inakunywa maji ya chini ya ardhi yanayojazwa na mafuriko hayohayo. Miti mikubwa haifi mwaka wa kwanza. Inazeeka pale pale, na miche yake haioti. Ndiyo maana ripoti inayopima misitu kwa miaka miwili au mitatu inaweza kusema "hakuna athari iliyoonekana" bila kudanganya.

Delta hii imo kwenye orodha ya Ramsar tangu 2012, yaani ardhi oevu ambazo serikali imeahidi dunia kuzitunza. Hilo lina uzito mbele ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na mbele ya wakopeshaji wa mradi, kwa hiyo litaje katika maoni yenu.

Kwa Ozi, jambo zito kuliko yote ni chumvi. Maji ya bahari ni mazito kuliko maji ya mto, kwa hiyo hayachanganyiki mara moja. Yanapanda mto kwa chini, yakitambaa sakafuni, huku maji matamu yakishuka baharini kwa juu. Kinachoyazuia ni msukumo wa mto. Mto ukiwa na nguvu, chumvi inabaki Kipini. Ukilegea, inapanda kuelekea Ozi, Kilelengwani na zaidi. Wenyeji wenu walibuni ufundi mzuri sana juu ya jambo hilo. Siku za bamvua bahari inapojaa sana, inayasukuma nyuma maji matamu ya mto hadi yanapanda kimo, na mkulima anafungua mfereji wake yaingie shambani bila pampu wala dizeli. Siku za maji mafu mfereji unapumzika. Lakini ufundi huo unategemea kwamba kinachosukumwa na bahari mbele ya Ozi ni maji matamu. Mto ukilegea, bamvua ileile inaingiza chumvi shambani, na mama akifungua mfereji kama alivyofundishwa anaua mpunga kwa mkono wake.

Mpunga haupendi chumvi hata kidogo. Mavuno huanza kushuka pale maji ya udongoni yanapozidi kama desisiemens 3 kwa mita, ambacho ni kipimo cha jinsi maji yanavyopitisha umeme. Bahari yenyewe ni karibu 50. Miche michanga na mpunga unaochanua ndio dhaifu zaidi. Kwa hiyo wiki moja tu ya chumvi katika mwezi mbaya inatosha. Hapa ndipo wastani unapodanganya: mto unaweza kuwa na maji "mengi kuliko zamani" kwa wastani wa kiangazi, na bado mpunga ukafa, kwa sababu maji ya Mei hayakuja kuosha chumvi iliyokaa udongoni.

Lazima niseme pia kwamba si kila chumvi ya Ozi imeletwa na bwawa. Tana una tabia ya kuhama mkondo. Hata kutokea kwake baharini Kipini ni mambo ya karne ya 19, baada ya mfereji wa Belazoni kuunganisha Tana na mto Ozi. Mkondo ukigawanyika huko juu, Ozi inakosa maji hata bwawa lisipojengwa. Mwandishi wa tathmini anaweza kujificha nyuma ya jambo hilo na kusema tatizo lilikuwapo tangu zamani. Dawa yake ni kupima kuanzia sasa, nami nitakuja hapo.

Kwa mume wako, kamba. Kamba wa ghuba ya Ungwana anakulia kwenye mikoko ya Kipini, katika maji ya nusu chumvi, kisha anatoka kwenda ghubani akiwa mkubwa. Mvua ikija na mto ukajaa, maji yanamsukuma atoke na yanaleta chakula. Mfano wa karibu ni Msumbiji. Cahora Bassa, bwawa la mto Zambezi, lilianza kujazwa mwishoni mwa 1974. Watafiti waliopima uvuvi wa kamba kwenye benki ya Sofala, mbele ya mdomo wa mto huo, walikuta kwamba wingi wa kamba unafuata maji ya Zambezi ya msimu wa mvua. Mto ukizuiwa wakati huo, nyavu zinarudi nyepesi. Hakuna nyumba ya mvuvi iliyozama. Wala hakuna aliyemhesabu.

Tope nalo sisi wa Malindi tunalijua kwa upande wake mbaya. Mto Sabaki unatuletea udongo mwekundu unaochafua maji ya ghuba na kusumbua matumbawe ya hifadhi yetu ya baharini, na mchanga wake umesukuma ufuo wa mji mbali na ulipokuwa. Kwa hiyo mtu wa Malindi akisikia kwamba bwawa litazuia udongo anashukuru. Kwa delta ya Tana ni kinyume. Delta imejengwa kwa udongo, inadidimia kidogo kidogo kwa uzito wake, na inahitaji kulishwa. Ukuta ukizuia udongo, maji yanatoka yakiwa safi na yenye njaa, yanakula kingo za mto. Kwa miaka mingi hilo linaficha upungufu, kwa sababu kingo zenyewe zinatoa tope. Athari ya mdomoni inakuja nyuma sana, wakati hakuna anayekumbuka ripoti ilisema nini.

Sasa nikuonyeshe sentensi moja ya kutafuta utakaposhika ripoti. Itasema kitu kama "mtiririko wa akiba utazingatiwa kwa mujibu wa sheria". Itasomeka vizuri, na inaweza kuwa ya kweli tupu. Sheria zetu za maji zinataka mto uachiwe akiba kwa mahitaji ya watu na viumbe. Kwenye kanuni za 2007 kima cha chini cha akiba hiyo kilikuwa kile kiwango ambacho mto wa asili unakifikia au kukipita kwa asilimia 95 ya siku. Fikiri maana yake: ni mto wa siku zile chache kavu kuliko zote. Kwa kipimo cha aina hiyo, mwenye bwawa anaweza kukuachia mto wa kiangazi miezi kumi na miwili mfululizo na akawa ametimiza kanuni. Samaki wa mtoni hawatakufa kwa kiu. Delta itakufa, kwa kuwa hakuna siku hata moja maji yatapanda ukingo.

Kinachotakiwa ni mafuriko ya kuachiliwa: mara moja au mbili kwa mwaka bwawa lifungue maji kwa makusudi, katika mwezi wake, kwa siku za kutosha. Tufanye mfano, na tarakimu hizi ni zangu za kuelezea tu. Chukua mita za ujazo 500 kwa sekunde kwa siku 10. Hiyo ni milioni 43.2 kwa siku, milioni 432 kwa zote. Katika bwawa la bilioni 5 ni chini ya asilimia 9. Na si hasara yote, kwa kuwa sehemu ya maji hayo yanaweza kupitia kwenye mitambo na kutoa umeme. Kinachopotea ni kile kinachozidi uwezo wa mitambo. Kabla ya kufika delta wimbi hilo litasafiri siku kadhaa na kutandazika, hivyo wataalamu wa mradi wanapaswa kuhesabu kinachofika Garsen, si kinachotoka mlangoni.

Lakini mlango wenyewe lazima uwepo. Hili ndilo jambo ambalo ningelipigania kuliko lolote. Ukuta ukijengwa na milango ya chini midogo, hakuna ahadi ya baadaye inayoweza kuleta mafuriko. Huwezi kutoboa ukuta wa bwawa kwa sababu wananchi wamelalamika. Zambia walipojenga Itezhi-Tezhi kwenye mto Kafue miaka ya 1970, walitenga maji ya ziada ili waachie mita za ujazo 300 kwa sekunde kwa wiki nne kila Machi, kwa ajili ya mbuga za Kafue. Yaani jambo hili linawezekana kiufundi, na katika Afrika hii hii. Udhaifu uliojitokeza huko ni kwamba wenye kuzalisha umeme waliposhika funguo, majira ya maji hayakufuatwa kama mbuga zilivyotaka. Kwa hiyo ni mambo mawili: milango mikubwa ndani ya michoro, na ratiba ya kuifungua iliyoandikwa kama sharti la leseni, si kama pendekezo katika kiambatisho.

Kuhusu familia. Wanaohamishwa na maji ya bwawa kule mpakani mwa Kitui na Tharaka-Nithi wana haki zao, na wasisahauliwe kwa sababu ya mazungumzo yetu ya chini. Wengi hawana hatimiliki, wengine wanachunga kwenye ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa. Katiba, ibara ya 40, inaruhusu hata mkaaji wa nia njema asiye na hati alipwe. Kinachowaumiza watu kwa kawaida ni ile tarehe ya mwisho ya kuhesabiwa: aliyekuwa malishoni siku hiyo anaandikwa hayupo.

Mama yako hatahamishwa kwa tingatinga, lakini shamba likikosa maji matamu atahama mwenyewe, na mfugaji aliyekosa nyasi naye atasogea kwenye kipande kilekile kilichobaki na unyevu. Tuliyaona 2012 yanayotokea Tana Delta watu wakigombea maji na malisho. Viwango vya Benki ya Dunia na vya wakopeshaji wengine wakubwa vinatambua kwamba mtu anaweza kupoteza riziki bila kupoteza nyumba, na kwamba hilo nalo ni kuhamishwa. Na hapa kwetu kuna mfano: mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wa Lamu walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa riziki iliyoharibiwa na ujenzi wa bandari. Walichopoteza ni maeneo ya kuvulia. Hukumu si pesa mkononi, wavuvi wa Lamu wanajua hilo vizuri, lakini inatosha kumjibu anayesema kwamba asiyebomolewa nyumba hana dai.

Njia mbadala nitazipitia kwa ufupi, maana ripoti nyingi huziandika kwa kutimiza wajibu tu. Kanuni zinataka mbadala zielezwe pamoja na sababu za kuchagua ulio mbele yenu. Usikubali mbadala wa jumla kama "bila mradi nchi itakosa maendeleo". Ivunje kwa huduma. Umeme: Kenya ina mvuke wa Olkaria, upepo wa Turkana na jua la Garissa, kwa hiyo swali ni kama umeme wa bwawa hili unahitajika kwa wingi ule, au tu kwa saa za jioni, ambapo bwawa dogo lingetosha. Umwagiliaji: mbadala ni eneo dogo zaidi, lenye mazao yasiyonywa sana, kabla ya kugusa maji ya Mei. Kuzuia gharika: onyo la mapema na makazi ya juu vinaokoa watu kwa gharama ndogo, ingawa haviokoi shamba. Na daima kuna mbadala wa ukuta uleule wenye kimo kidogo na milango mikubwa. Binafsi huo ndio ningeutaka uchunguzwe kwa tarakimu, kwa sababu sioni serikali yoyote ikiacha kabisa mpango uliokaa mezani miaka mingi namna hii.

Mna la kusema, na mna muda maalumu wa kulisema. Ripoti ikifika NEMA, tangazo hutolewa katika Gazeti la Serikali na magazeti ya kawaida, na kwa kawaida wananchi hupewa siku 30 kutoa maoni kwa maandishi au kwa mdomo. Kabla ya hapo, wakati tathmini yenyewe inafanywa, mwenye mradi anatakiwa kufanya angalau mikutano mitatu na watu watakaoathirika, na kutangaza redioni kwa lugha wanayoielewa. Kikao mlichohudhuria, kama hamkuonyeshwa matokeo ya utafiti, kilikuwa cha kutambulisha mradi. Juni 2019 jopo la rufaa za mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa Lamu, na sababu moja kubwa ilikuwa hiyo: watu walikutanishwa bila kupewa yaliyomo kwenye ripoti wayajadili. Wekeni kumbukumbu za vikao: tarehe, nani alisema nini, karatasi gani mlipewa au hamkupewa.

Na muanze daftari la chumvi. Nunueni kipimo cha mkononi, kile cha kupima upitishaji umeme wa maji, mchangie kama kikundi. Chagueni sehemu tatu mtoni, moja chini ya Ozi, moja mbele ya mifereji, moja juu zaidi. Pimeni siku za bamvua na siku za maji mafu, maji yakiwa yamejaa, juu na chini kwa kuzamisha chupa yenye kamba. Andikeni tarehe, siku ya mwezi mwandamo, saa, na kama mfereji ulifunguliwa. Mume wako na wenzake waandike kilo za kamba kila safari, na mahali. Misimu minne ya daftari hilo, masika mawili na vuli mbili, yana nguvu kuliko barua yoyote ya malalamiko, kwa sababu bila hayo mtaalamu wa mradi ataandika "hakuna takwimu", na kweli hazitakuwapo.

Barua ya maoni mnaweza kuandika wenyewe, kwa Kiswahili, kurasa mbili zinatosha: kiasi gani cha maji kitafika Garsen kila mwezi katika mwaka mkavu, wa kawaida na wa mvua, uwezo wa milango ya chini, ratiba ya mafuriko ya kuachiliwa, miaka ya kujaza, na wavuvi na wakulima wa delta wamo ukurasa gani wa mpango wa fidia. Pelekeni nakala kwa mkono ofisi ya NEMA ya kaunti, mgongewe muhuri wa kupokelewa.

Mahali pa kutojitegemea ni leseni ikishatoka. Rufaa kwa jopo lile hukatwa ndani ya siku 60, na mahakama zimekuwa kali juu ya siku hizo. Wiki hiyohiyo nendeni kwa wakili anayejua kesi za mazingira, hapa Malindi au Lamu, mkiwa na daftari, barua yenye muhuri na kumbukumbu za vikao. Vilevile, mtu akija Ozi kuwaandikisha au kuwatia saini kwenye fomu yoyote ya fidia au ridhaa, msitie kidole kabla ya wakili kuisoma. Na kama ardhi ya kijiji bado haijasajiliwa chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, anzeni na hilo kwa msajili wa kaunti ya Tana River hata kabla tangazo la tathmini halijatoka, maana huchukua muda mrefu kuliko siku 30 zile.